Barua ya robo mwaka kwa mwanahisa aliye mbali, pale hesabu zinapokuwa mbaya

*Swali: Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida. Asilimia 25 ya hisa ni za mzee mmoja wa familia rafiki anayeishi Maskati, na tulikubaliana nimwandikie kila robo mwaka. Januari hadi Machi tumepata hasara ya milioni 21, wakati nilimwahidi faida ya milioni 15. Rasimu yangu na hesabu nimekuambatanishia. Nimeifuta mara tatu. Niseme kiasi gani? Naogopa nikisema yote ataitaka pesa yake. Ni mimi, mama wa kiwanda.*

Dada yangu, nimeisoma rasimu yako mara mbili, kisha nikaiweka kando nikakaa na hesabu peke yake. Nashukuru kwamba ulituma vyote viwili, maana haviambiani kitu kimoja. Rasimu inasema mashine iliharibika na bei ya alizeti ikapanda. Hesabu zinasema jambo jingine, na hilo ndilo mzee anatakiwa kulisikia kutoka kwako.

Tuanze na mashine. Umeandika kwamba ilisimama siku 18 za kazi kwa sababu shafti ilikatika, na kwamba ndiyo maana mmekamua tani 130 badala ya 200. Lakini mashine yako inakamua tani 4 kwa siku, na robo ile ilikuwa na siku 75 hivi za kazi. Ukitoa siku 18 zinabaki 57, na 57 mara 4 ni tani 228. Kwa siku zilizobaki mngeweza kukamua tani 200 zote na muda ukabaki. Mashine ilikusumbua, naelewa, na fundi kutoka Dodoma alikula fedha. Ila haikukupunguzia tani. Kilichokupunguzia tani ni kwamba stoo ilikuwa tupu.

Stoo ilikuwa tupu kwa nini? Kwenye ukurasa wa mali za kiwanda nimeona lori la milioni 82.5, limenunuliwa Agosti. Tarehe 1 Januari mlikuwa na tani 90 tu ghalani, wakati mpango ulitaka 200. Pengo ni tani 110. Alizeti ya msimu ilikuwa inafika kiwandani kwa shilingi 750 kwa kilo, pamoja na usafiri na magunia. Tani 110 kwa bei hiyo ni milioni 82.5, yaani bei ya lori bila kuzidi wala kupungua. Fedha ya kununulia mbegu ilinunua gari.

Hiyo bei iliyopanda nayo ni tawi la jambo hilohilo. Alizeti ya Singida huvunwa kuanzia Mei, Juni na kuendelea, na kila mkamuaji anajua kwamba Februari anayeuza ni mfanyabiashara aliyeihifadhi tangu msimu, kwa bei anayoitaka yeye. Tani 40 mlizonunua Februari na Machi zilifika kiwandani kwa shilingi 1,010 kwa kilo. Hamkushtukizwa na soko. Mliingia sokoni wakati ambao hamkupaswa kuwa sokoni.

Sasa angalia jinsi pengo kati ya ahadi na matokeo linavyogawanyika. Uliahidi faida ya milioni 15, umepata hasara ya 21, kwa hiyo pengo ni milioni 36. Mpango ulikuwa kila kilo iache shilingi 300 baada ya kulipa mbegu, umeme, vibarua na madumu. Tani 70 ambazo hazikukamuliwa kabisa, kwa shilingi 300 kila kilo, ni milioni 21. Tani 40 zilizonunuliwa kwa bei ya Februari na Machi ziligharimu shilingi 260 zaidi kwa kilo, nayo ni milioni 10.4. Milioni 4.6 zilizobaki ni deni la yule mwenye duka la jumla wa Dodoma aliyefunga na kuhama. Jumlisha: 36. Hakuna shilingi iliyopotelea gizani, na hilo ni jambo zuri kuliko unavyodhani. Mwanahisa anaweza kuvumilia hasara ambayo mwenye kiwanda anaijua ilipotoka. Anayokimbia ni ile ambayo hata mwenye kiwanda hawezi kuieleza.

Nilipima jambo moja zaidi kabla ya kukubali hesabu hizo, nawe ulipime kila robo kabla ya kuandika. Tani 130 zimetoa lita 38,600, ukijumlisha zilizouzwa na zilizobaki kwenye tangi. Hiyo ni karibu lita 30 kwa kila kilo 100, kama kawaida yenu. Ingekuwa lita 25 au 26 ningekuambia usiandike barua kwanza, nenda kahesabu madumu na ukague mashine, kwa sababu hapo kuna mafuta yanayobaki kwenye mashudu au yanayotoka getini usiku. Ukiripoti hasara kumbe sehemu yake ni wizi, baadaye utalazimika kumwandikia mzee barua ya pili kufuta ya kwanza.

Kuhusu woga wako wa kudaiwa pesa. Mzee alinunua hisa, hakukukopesha. Mwenye hisa hawezi kuamka asubuhi akaidai kampuni imrudishie mtaji wake kama anavyotoa akiba benki, na kampuni yenyewe hairuhusiwi kuugawa mtaji huo hivihivi bila kufuata utaratibu wa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Akitaka kutoka, njia yake ya kawaida ni kuuza hisa zake kwa mtu mwingine, au kwako, kwa namna mkataba wenu unavyosema. Kwa hiyo barua hii haikufungulii mlango wa kufilisiwa. Inaamua jambo jingine: kama mwezi Juni, utakapohitaji sahihi yake kwenye mkopo wa msimu, atasaini akiwa na imani au atauliza ni nini kingine hukumwambia.

Nimewahi kuwa upande wako katika jambo kama hili. Nilikuwa mhasibu wa kampuni ya maziwa, na robo tatu mfululizo tuliandika kwa wanahisa kwamba mauzo "yameathiriwa na hali ya soko". Niliiandika sentensi ile kwa mkono wangu, nikijua kwamba tatizo ni mteja mmoja mkubwa tuliyemkopesha kupita kiasi. Robo ya nne mwanahisa hakujibu barua. Alileta mkaguzi. Deni lile tungelimaliza katika mazungumzo ya saa moja robo ya kwanza. Robo ya nne lilikuwa limekua, na tena halikuwa deni pekee, kwa sababu sasa kila namba tuliyotoa ilitiliwa shaka, hata zile za kweli.

Kabla hujaandika, toa mkataba wa wanahisa uusome tena, hasa sehemu ya mambo yanayohitaji ridhaa ya mzee. Mikataba mingi ya namna hii ina kiwango cha fedha, na kununua mali ya kudumu kupita kiwango hicho kunahitaji akubali kwa maandishi kwanza. Kama lori limepita kiwango na hukumuuliza, hiyo inaingia ndani ya barua, kwa sentensi moja iliyo wazi, baada ya kuzungumza na mwanasheria wako. Usiiache aigundue. Mimi nimeandika mfano hapa chini nikichukulia kwamba hukuhitaji ridhaa lakini pia hukumweleza, maana kwenye barua yako ya Oktoba sikuona neno lori.

Kisha kuna fedha taslimu, ambayo rasimu yako haikuigusa kabisa. Hasara inaeleza yaliyopita. Mwanahisa aliye mbali anataka zaidi kujua kama kiwanda kitafika msimu. Tarehe 31 Machi benki mlikuwa na milioni 23. Kila mwezi zinatoka milioni 17: gharama za kudumu ni milioni 15, lakini 3 kati yake ni uchakavu ambao hautoki mfukoni, kwa hiyo zinabaki 12, ongeza rejesho la benki la milioni 5. Milioni 23 kwa mwendo huo zinafika wiki ya pili ya Mei. Wateja wanadaiwa milioni 34. Kati ya hizo, 22 ni za chini ya siku 60, na wateja hao kwa kawaida wanalipa. Mkizikusanya zote mnafika kama tarehe 20 Juni. Milioni 12 nyingine zimepita siku 60. Hizo usizihesabu kabisa kwenye fedha ya kuendeshea, na umwambie mzee kwamba huzihesabu.

Ona basi lilipo tatizo. Mnaweza kufika msimu mkiwa hai, ila mtaufikia mkiwa mikono mitupu, wakulima wanashusha magunia nanyi hamna cha kuwalipa, na Januari ijayo itakuwa ileile. Mpango wowote usiojibu swali la "Juni tutanunua mbegu kwa fedha gani" si mpango. Rasimu yako ina aya inayosema mtaongeza juhudi za masoko na kubana matumizi. Soko halina shida, mafuta mnayokamua yanauzwa. Matumizi nayo hayakuzidi, yamebaki milioni 45 kwa robo kama mlivyopanga, kwa sababu mlichookoa kwenye kukodi magari kimeliwa na dereva, dizeli, bima na uchakavu wa lori. Aya ile iondoe.

Jibu lililo mbele yako unalijua, na nadhani ndilo lililokufanya ufute mara tatu. Lori liuzwe. Unasema dalali wawili wamekutajia milioni 65. Kwenye vitabu sasa hivi lina thamani ya kama milioni 70.5, kwa hiyo mtaandika hasara nyingine ya milioni 5.5 robo ijayo. Itauma. Lakini milioni 65 ni tani 86 za alizeti ya msimu, na tani hizo unaweza kuzikamua, kuuza, na kununua tena mara tatu kati ya Juni na Agosti, wakati lori linaweza tu kubeba. Kwa hesabu zenu, baada ya kulipa gharama na benki, mizunguko hiyo inaikuza tani 86 kufika kama 120.

Kuna namba moja ambayo ningependa uiweke kichwani na kwenye kila barua: tani 150 kwa robo. Gharama za kudumu milioni 45 ukizigawa kwa shilingi 300 kwa kilo unapata tani 150. Chini ya hapo mnapata hasara hata kila kitu kingine kikienda vizuri. Mzee akiijua namba hii hatahitaji maelezo marefu tena, atauliza tu mmekamua tani ngapi.

Sasa barua yenyewe. Nimeiandika kwa sauti yako kadiri nilivyoweza. Salamu nimeziweka fupi. Naelewa heshima anayostahili, na kwenye simu msalimiane mpaka mridhike, lakini barua inayojulia hali ukoo mzima kwa ukurasa mmoja kabla ya kusema hasara inamfanya msomaji ahisi anatayarishwa kwa msiba.

*Shikamoo Mzee,*

*Natumaini ninyi nyote hapo Maskati hamjambo. Sisi huku ni wazima.*

*Robo ya Januari hadi Machi kiwanda kimepata hasara ya shilingi milioni 21. Katika barua ya Januari nilikuahidi faida ya milioni 15. Robo kama hii mwaka jana tulipata faida ya milioni 6. Hesabu hizi hazijakaguliwa, ila mafuta, mashudu na mbegu vilihesabiwa ghalani jioni ya tarehe 31 Machi, mimi na mhasibu tukiwepo.*

*Sababu kubwa ni uamuzi wangu. Agosti nilinunua lori kwa milioni 82.5 kutoka kwenye fedha ya kununulia alizeti. Niliona tutaokoa gharama za kukodi magari. Sikukueleza katika barua ya Oktoba na ilinipasa kukueleza. Kwa sababu hiyo tuliingia Januari na tani 90 ghalani badala ya 200. Tulikamua tani 130, na kati ya hizo 40 tulizinunua kwa bei ya juu ya Februari na Machi. Kati ya milioni 36 tulizopungukiwa, milioni 31.4 zimetokana na hilo. Milioni 4.6 zilizobaki ni deni la mteja mmoja wa Dodoma aliyefunga duka. Nimelifuta kwenye hesabu, ingawa bado tunamtafuta.*

*Mashine nayo ilisimama siku 18. Imetengenezwa na inafanya kazi. Haikuwa sababu ya hasara, kwa kuwa mbegu za kuijaza hazikuwepo.*

*Benki tuna milioni 23. Tunatumia milioni 17 kwa mwezi, pamoja na rejesho la mkopo. Wateja wanatudai mafuta kidogo, sisi tunawadai milioni 34. Kati ya hizo natarajia 22 ziingie kabla ya mwisho wa Mei, na zikiingia tutafika wiki ya tatu ya Juni. Milioni 12 zimechelewa zaidi ya siku 60, sizitegemei, na tukizikosa kabisa zitakuwa hasara ya ziada.*

*Ninachokusudia kufanya ni hiki. Kwanza nauza lori. Bei niliyotajiwa ni milioni 65. Tutapata hasara ya kama milioni 5.5 kwenye mauzo hayo na utaiona katika barua ya Julai. Fedha yote itaingia akaunti tofauti ya alizeti, na hakuna malipo yatakayotoka humo ila ya mbegu na usafiri wake. Pili, Aprili na Mei, wakati hatuna mbegu zetu, tutawakamulia wafanyabiashara wenye mbegu zao kwa ujira. Inaacha shilingi 70 tu kwa kilo, na natarajia tani 60, yaani milioni 4.2. Si nyingi lakini inaingia papo hapo. Tatu, kuanzia mwezi huu hakuna mteja anayechukua mafuta kwa mkopo wa zaidi ya siku 30, na mwenye deni la zamani hachukui mpaka alipe.*

*Lori lisipouzwa kwa angalau milioni 60 hadi tarehe 31 Mei, nitasimamisha zamu ya usiku, jambo litakalopunguza milioni 3 kwa mwezi, na mshahara wangu nitauchukua nusu mpaka ununuzi wa msimu uanze. Nitakupigia siku hiyohiyo.*

*Kiwanda hiki kinahitaji kukamua tani 150 kwa robo ili kisipate hasara. Kwa hiyo naomba unipime kwa namba mbili: tani 200 ghalani tarehe 31 Agosti, na tani 150 ghalani tarehe 31 Desemba. Fedha ya lori ikizungushwa msimu mzima inatufikisha kama tani 120 hiyo Agosti. Tani 80 zilizobaki zinahitaji mkopo wa msimu wa milioni 60.*

*Nakuomba uamuzi mmoja kabla ya tarehe 10 Mei: je, unakubali tuombe mkopo huo? Ukikubali, nitakuletea masharti na riba ya benki uyasome kabla ya mtu yeyote kusaini. Ukikataa, tutakwenda na tani 120, na hapo utegemee robo ya Januari ijayo nayo iwe ya hasara, ingawa ndogo kuliko hii. Sikuombi fedha.*

*Gawio la mwaka huu halitakuwepo.*

*Nitakupigia Ijumaa baada ya magharibi ya huko, ukiwa umeshaisoma.*

Kuna mambo machache ndani ya barua hii ningependa uyaelewe kabla hujaibadilisha.

Sentensi ya "sababu kubwa ni uamuzi wangu" utashawishika kuilainisha iwe "uamuzi ulifanyika". Usifanye hivyo. Kiswahili kinatupa urahisi mkubwa wa kuficha mtendaji, lori "likanunuliwa", fedha "zikatumika", na msomaji mwenye umri wa mzee ameusikia urahisi huo maisha yake yote. Ila pia usirudie kujilaumu. Umekiri mara moja, ukaeleza ulichodhani wakati ule, ukaendelea. Barua yenye msamaha katika kila aya inamlazimisha yeye akubembeleze wewe, wakati fedha ni yake.

Pale kwenye madeni nimeandika "wateja wanatudai mafuta kidogo" kwa sababu kwenye hesabu zako kuna malipo ya awali ya mafuta ambayo hayajachukuliwa, lita 400 hivi. Ni kidogo, lakini mtu aliyelipa kabla ni deni lenu, na mwanahisa makini ataliona kwenye mizania akashangaa kwa nini hukulitaja.

Hasara inayokuja ya milioni 5.5 nimeitaja mapema makusudi. Habari mbaya iliyotajwa kabla inapofika inakuwa uthibitisho kwamba unajua unachofanya. Ileile ikifika bila kutajwa inakuwa hasara ya pili mfululizo isiyoelezeka. Kwa sababu hiyohiyo kuna tarehe ya 31 Mei na kile utakachofanya lori lisipouzwa. Mpango usiosema ni lini utajulikana umeshindwa unamwacha mtu aliye mbali akikisia kila wiki.

Nimeweka uamuzi mmoja tu. Rasimu yako ilimalizia kwa "tunakaribisha maoni na ushauri wako", na hapo mzee angekuandikia kurasa tatu kuhusu namna ya kuuza mashudu Mombasa. Ukimuuliza swali moja lenye tarehe, na ukamwonyesha kila jibu linaelekea wapi, atajibu swali hilo.

Fedha zote ziandike kwa shilingi. Riali ya Omani imefungwa kwenye dola, kwa hiyo yeye anaona thamani ya hisa zake ikipanda na kushuka kwa sababu ambazo haziko mikononi mwako. Ukianza kumgeuzia kwenye riali utachanganya habari za kiwanda na habari za shilingi, na mtajikuta mnajadili sarafu badala ya alizeti.

Kuna kodi pia, ambayo sikuiweka kwenye barua kwa sababu ni kazi yako na mhasibu. Kama mwaka wenu wa hesabu ni wa kalenda, mwezi Machi mmelipa awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio, na nadhani mliikadiria kwa faida ambayo sasa haipo. Mnaweza kupeleka TRA makadirio yaliyorekebishwa kabla ya awamu ya mwisho wa Juni. Msishushe kwa hasira mpaka sifuri kama mnatarajia faida ya msimu, maana mkikadiria chini sana ya kodi halisi mnatozwa riba juu ya tofauti. Mwezi Juni kila milioni itakuwa na gunia lake linalosubiri.

Tuma barua kabla ya tarehe 20 Aprili. Usisubiri hesabu zikaguliwe, wala usisubiri kwanza lori liuzwe ili upate cha kupendeza cha kusema. Ukichelewa hadi Mei, uamuzi wa mkopo utamkuta wakati benki zimeshajaa maombi ya msimu, na yeye atahisi amesukumwa ukutani. Tuma nakala ya hesabu za kurasa mbili pamoja nayo: faida na hasara, na orodha ya madeni kwa umri wake. Zaidi ya hapo hahitaji.

Na utakapompigia, kama atakasirika kuhusu lori, mwache aseme mpaka amalize. Usirudi kwenye mashine.

Barua ya Julai ianze na mambo haya manne kabla ya kitu kingine chochote: lori limeuzwa shilingi ngapi na lini, tani ngapi zimekamuliwa kwa ujira, kiasi gani kimekusanywa kati ya zile milioni 22, na mko na tani ngapi ghalani. Ukinitumia rasimu ya barua hiyo mapema mwezi wa saba nitaisoma.